Bangili mbili, uzito mmoja wa macho: fedha halisi, fedha ya kuchovya na fedha ya Kijerumani

Mwaka juzi nilinunua bangili katika duka moja la Mji Mkongwe, Unguja, nikaambiwa kuwa ni fedha ya 925, nami nikailipia kwa gramu kama inavyolipiwa fedha. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, na kwa ndani ilikuwa na chapa ya 925 iliyosomeka vizuri. Baada ya miezi minne ya kuivaa kila siku, ngozi ya kifundo cha mkono ilianza kuwasha, vikatoka vipele vidogo vilivyojipanga kwa mduara uleule wa bangili, na nilipoivua niliona kwamba ukingo wake wa ndani, ule unaosuguana na mfupa, umebadilika ukawa na rangi ya kijivu yenye umanjano.

Nilimpelekea sonara mzee ambaye familia yetu imemjua kwa miaka mingi. Hakuitazama chapa. Alichukua tupa ndogo, akapiga mstari mmoja mfupi upande wa ndani, kisha akadondosha tone la tindikali ya naitriki juu ya mstari ule. Tone lilichemka na kugeuka kijani. Halafu akaniomba bangili ya marehemu bibi yangu niliyokuwa nimeivaa mkono wa pili, isiyo na chapa yoyote, akafanya vilevile, na tone likabaki tulivu na kuwa jeupe zito kama maziwa.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ya bibi ni fedha. Hii yako imechovywa tu, na tupa imepita fedha kabla hata sijakaza mkono."

Tangu siku ile nimejifunza kuzitofautisha aina tatu ambazo kwa macho hufanana sana. Ya kwanza ni fedha ya stelingi, ambayo katika kila sehemu 1,000 ina sehemu 925 za fedha tupu, na zilizobaki 75 kwa kawaida ni shaba, inayotiwa kwa sababu fedha tupu ni laini mno na hupindika. Ya pili ni fedha ya kuchovya, ambayo ni chombo cha madini mengine kilichopakwa ngozi nyembamba ya fedha kwa umeme. Ya tatu huitwa fedha ya Kijerumani, au alpaka, na jina hilo limewapoteza wengi, kwa kuwa ndani yake hamna fedha hata chembe: ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, mara nyingi kwa kadiri ya shaba sehemu 60, nikeli 20 na zinki 20. Nikeli ndiyo inayoufuta wekundu wa shaba na kuufanya mchanganyiko uwe mweupe.

Linalochanganya zaidi ni kwamba aina ya pili na ya tatu mara nyingi hukutana katika kitu kimoja. Fedha ya Kijerumani ndiyo mwili unaopendwa sana kwa kuchovya, kwa sababu ngozi ya fedha ikilika, weupe wa chini hauonekani upesi kama ambavyo ungeonekana wekundu wa shaba. Mabirika na sinia za zamani za Kiingereza huyasema haya waziwazi kwa chapa ya EPNS, yaani fedha ya Kijerumani iliyopakwa fedha kwa umeme, na mwenye kuinunua sinia kama hiyo kwa bei yake hajadhulumiwa. Dhuluma ni kupiga 925 juu ya mwili wa namna hiyo. Chapa ni nyundo na herufi tu, na yeyote mwenye nyundo anaweza kuipiga.

Kwa upande mwingine, kukosekana kwa chapa hakumaanishi kuwa kitu ni bandia, na hapa pwani jambo hili lina historia yake. Masonara wa Omani na wa pwani yetu waliyeyusha sana reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, kupata fedha ya kufulia mitali, vikuku na bangili. Sarafu ile ilikuwa na fedha 833 katika 1,000. Kwa hiyo pambo la bibi lililofuliwa kwa reale haliwezi kufika 925, wala halikuwahi kudai hivyo, lakini ni fedha hadi ndani.

Kwa kuwa si kila mtu atakubali tupa na tindikali zipite juu ya pambo lake, ninashauri kipimo cha maji, ambacho nilikifanya mezani kwangu kwa mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Pima kwanza pambo likiwa kavu na uandike uzito wake. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, lifunge pambo kwa uzi mwembamba na ulizamishe lote ndani ya maji ukiwa umeshika uzi, bila kugusa kitako wala kuta za glasi. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, namba hiyo ndiyo ujazo wa pambo. Gawanya uzito mkavu kwa ujazo huo.

Bangili niliyonunua ilikuwa na gramu 41.6, na ilipozamishwa mizani ilisoma 4.8, kwa hiyo jibu likawa karibu 8.7. Ya bibi ilikuwa na gramu 57.2, ikasoma 5.6, na jibu likawa karibu 10.2. Fedha ya stelingi hutoa takriban 10.4, fedha ya reale takriban 10.2, na fedha ya Kijerumani huzunguka 8.7. Mizani ya jikoni haiwezi kukuhakikishia tofauti kati ya 10.2 na 10.4, kwa hiyo usiitumie kubishana na sonara kama kitu ni 833 au 925. Lakini pengo kati ya 8.7 na 10 ni kubwa, halifichiki. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye jiwe, wala kwa lile lililo wazi ndani, maana hewa iliyofungiwa huharibu hesabu. Toa pia viputo vyote vya hewa vilivyoshika kwenye nakshi kabla ya kusoma. Sumaku haitakusaidia sana hapa, kwa sababu fedha ya Kijerumani, kama fedha yenyewe, kwa kawaida haivutwi, na sumaku itakufichulia chuma peke yake.

Sasa tazama thamani kwa bangili hizohizo. Ya bibi, tukiichukulia kuwa ni ya reale, ina gramu 57.2 mara 0.833, yaani karibu gramu 47.6 za fedha tupu, na hizo zinauzika popote kwa bei ya siku, ingawa mnunuzi hukata gharama yake ya kuyeyusha. Yangu ina upana wa sentimita moja na mzunguko wa sentimita 19, hivyo eneo lake lote, ndani, nje na kingo, ni kama sentimita za mraba 47. Hata nikikubali kwamba ilipakwa fedha yenye unene wa mikroni 5, fedha yote iliyo juu yake ni robo ya gramu. Nililipa gramu 41 nikapata robo. Hakuna sonara atakayenunua kitu kilichochovywa kwa ajili ya fedha yake, kwa kuwa kuitoa kunagharimu kuliko inavyoleta. Thamani yake ni ya uzuri na matumizi.

Kuhusu weusi, nimesikia watu wengi wakisema kwamba fedha ikiwa nyeusi basi si fedha. Ukweli uko karibu na kinyume chake. Fedha hubadilika rangi kwa sababu ya gesi yenye salfa iliyomo hewani, na juu yake hujengeka salfaidi ya fedha, kwanza kwa umanjano, kisha kahawia, mwisho nyeusi. Kijiko cha fedha kikiachwa ndani ya yai la kuchemsha kitakuonyesha hivyo kwa muda mfupi, na mipira ya kufungia noti huacha mstari mweusi juu ya mkufu uliofungwa nayo. Fedha ya kuchovya nayo huwa nyeusi vilevile, kwa kuwa uso wake ni fedha. Ni fedha ya Kijerumani iliyo wazi ambayo haifikii weusi ule. Hiyo hupauka na kuwa na umanjano wa kijivu, na kwenye jasho na chumvi ya bahari huweza kutoa ukijani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kusafisha. Kwa stelingi isiyo na mawe, tandika karatasi ya alumini ya jikoni ndani ya bakuli lisilo la chuma, weka pambo liguse karatasi hiyo, nyunyiza kijiko kimoja cha mezani cha bikaboneti ya sodiamu na umwagie maji ya moto. Salfa huhamia kwenye alumini na fedha hubaki mahali pake. Usifanye hivyo kwa pambo ambalo sonara alilitia weusi kwa makusudi ndani ya nakshi, kwa sababu utaufuta. Kitu kilichochovywa kisisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha yenye chembechembe, kwani kila msuguo huondoa sehemu ya ile robo ya gramu, na pembe na kingo ndizo zinazotangulia kuisha.

Ngozi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Stelingi huweza kuacha alama ya kijani au nyeusi kidoleni, hasa mtu akitoka jasho, lakini hiyo ni shaba na fedha iliyochafuka. Haiwashi, na hutoka kwa sabuni. Mzio wa nikeli ni jambo jingine. Vipele vyake huwasha, hutokea baada ya siku moja au mbili za kugusana na chuma na si papo hapo, hukaa palepale pambo lilipogusa, na mwili ukishaukataa nikeli kwa kawaida hukataa maisha yote. Ndiyo maana bangili yangu ilinisubiri miezi minne: ngozi ya fedha ilinikinga mpaka ilipolika. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka kwamba kitu kinachokaa juu ya ngozi kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 za nikeli kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kwa vipini vinavyopita kwenye tundu la sikio mpaka ni mkali zaidi, 0.2.

Kwa hereni, kagua ndoano peke yake. Hereni za binti yangu zilikuwa stelingi kweli, nilizipima, lakini ndoano zake zilikuwa za chuma kingine kilichopakwa, na ncha ya sikio ilimtoka majimaji kila alipozivaa. Kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kulimsaidia kwa siku chache tu, kisha ikabanduka. Mzee yule alizikata ndoano zile kwa koleo, akavuta waya mpya kutoka kwenye kipande cha stelingi alichokipima mbele yetu kwa tone lilelile la tindikali, akazikunja nyingine tulipokuwa tumekaa. Binti amezivaa tangu Ramadhani iliyopita, na masikio yake ni makavu.