Kubana orodha za faharasa: usigundishe baiti kabla hujasoma hapa

> "Faharasa yangu haitoshi kwenye diski. Nimejenga vipande viwili, nambari za nyaraka zinaendelea kutoka cha kwanza hadi cha pili. Nikishahifadhi mapengo kwa VB, naunganisha kwa kugundisha baiti tu, sivyo? Na vielekezi vya kuruka niviweke lini?"

Mkuu, usigundishe! Aliyekwambia "ni baiti tu, unganisha faili" hajawahi kutafuta neno kwenye faharasa yake mwenyewe.

Tuseme neno moja kwenye kipande cha kwanza lina nyaraka 300, 305, 431 na 20000. Mapengo, yaani tofauti ya kila nambari na iliyoitangulia, ni 300, 5, 126 na 19569. VB ni usimbaji unaotumia baiti chache kwa nambari ndogo na nyingi kwa kubwa: kila baiti inabeba biti 7 za nambari. Biti ya juu ni 1 kwenye baiti ya mwisho ya kila pengo:

```
300    02 AC
5      85
126    FE
19569  01 18 F1
```

Baiti 7 badala ya 16 za nambari nne zenye baiti 4 kila moja. Safi. Sasa kipande cha pili kinaanza na waraka 20450. Hauna wa kutanguliwa naye, kwa hiyo umeandikwa mzimamzima, `01 1F E2`. Ukigundisha, msomaji anaudhania ni pengo: 20000 + 20450, anapata 40450. Na kila waraka unaofuata unasogea kwa 20000 ileile.

Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Kompyuta ina adabu kuliko mimi. Waraka 40450 ukiwepo, mtafutaji ataletewa waraka usio na neno lake. Akitafuta maneno mawili kwa pamoja, majibu ya kipande cha pili yanapotea au yanakuja ya kubahatisha, maana kila orodha imesogea kwa kiasi chake. Utamaliza wiki ukilaumu msimbo wa kupanga matokeo, ambao wala hauhusiki.

Dawa yake ni ndogo mno. Kwenye kamusi, kando ya kila neno, hifadhi nambari ya waraka wa mwisho wa orodha. Wakati wa kuunganisha, fumbua nambari ya kwanza tu ya orodha ya pili, toa ile ya mwisho ya orodha ya kwanza, simba upya. Hapa 20450 − 20000 = 450:

```
01 1F E2  ->  03 C2
```

Baiti zilizobaki zinakiliwa zilivyo, kwa sababu mapengo ya ndani hayajaguswa. Kasi ni karibu ileile ya kugundisha.

Kisha fumbua kila orodha iliyounganishwa, jumlisha mapengo yote, linganisha na nambari ya mwisho iliyo kwenye kamusi ya kipande cha pili. Zisipolingana, futa ujenge upya. Usichukue sampuli: neno lililomo kwenye kipande kimoja tu litapita bila tatizo, na maneno ya namna hiyo ni mengi kwenye faharasa yoyote, kwa hiyo sampuli itakudanganya kwa uso mkavu.

Vielekezi vya kuruka, vile vya kurukia mbele ndani ya orodha bila kuisoma yote, vije baada ya kuunganisha, na kila kimoja kibebe nambari kamili ya waraka, siyo pengo.