Monita mbili zisizolingana: kuzipanga ili kishale kisikwame

Ukikabidhiwa meza yenye monita mbili, moja ya inchi 24 na nyingine ya inchi 27, utaanza kusumbuliwa na kishale cha mausi. Unakivusha, kinagota ukingoni. Au kinavuka, lakini kinatokea chini kuliko ulivyotarajia. Usikimbilie kubadilisha mausi. Windows haipimi kimo cha monita kwa sentimita, inahesabu pikseli.

Tuseme ile ndogo iko kushoto, ina pikseli 1920 kwa 1080, na kubwa iko kulia, ina 2560 kwa 1440. Mezani kubwa inaizidi ndogo kimo kwa karibu sentimita 4 tu. Kwa hesabu ya Windows inaizidi kwa pikseli 360, yaani robo nzima ya kimo chake. Robo hiyo haina jirani, na kishale kikifika hapo hakina pa kuvukia.

Anza na meza yenyewe: inua au shusha monita mpaka vitovu vyake viwe kimo kimoja. Kisha bofya kulia kwenye eneokazi, chagua `Display settings`, ubofye `Identify` ujue namba ya kila monita. Buruta mstatili mdogo ukae katikati ya ubavu wa ule mkubwa, zibaki pikseli 180 juu na 180 chini, halafu bofya `Apply`.

Sasa jaribu. Peleka kishale polepole kutoka ndogo kwenda kubwa, ukianzia kimo unachovukia mara nyingi kazini. Kikitokea chini kuliko kilivyoondoka, pandisha kidogo mstatili mdogo. Kikitokea juu, ushushe. Rudia mpaka kivuke sawa hapo.

Nasema hapo kwa sababu huwezi kukilinganisha kila mahali. Pikseli za ile ya inchi 27 zimebanana zaidi, kwa hiyo ukivuka karibu na ukingo wa juu wa ndogo kishale bado kitashuka kama sentimita 2, na karibu na ukingo wa chini kitapanda kiasi hicho hicho. Kubadilisha `Scale` hakutibu hilo. Kupunguza pikseli za monita kubwa ili zilingane na za ndogo kutaondoa sehemu isiyo na jirani, ila kishale bado kitahama kidogo karibu na kingo na maandishi yatafifia, na mimi sishauri ulipie mpito wa kishale kwa macho yako.

Kwenye Windows 11, chini ya `Multiple displays`, kuna `Ease cursor movement between displays`. Ukiiwasha, kishale kitavuka hata pale pasipo na jirani. Lakini ikiwa monita kubwa iko kushoto, fikiri kwanza: ukingo unaokizuia kule juu ndio unaokusaidia kukilenga kitufe cha kufunga dirisha bila kishale kuteleza kwenda monita ya pili. Katika mpangilio huo mimi huiacha imezimwa.