Ofisa asipokuja kukagua, je, mahakama inaweza kumlazimisha?

Swali: Wakili, salaam. Mimi ni mkazi wa Busia, upande wa Uganda. Mtu mmoja anamwaga malori ya udongo kwenye kinamasi kilicho nyuma ya nyumba zetu ili ajenge ghala, na mvua ikinyesha maji yanaingia kwetu. Tumeenda kwa ofisa wa mazingira wa wilaya mara nyingi. Mara ya kwanza alisema hawana mafuta ya gari, baadaye akasema wanalifuatilia, na mwisho akatunong'oneza kwamba wameambiwa wasimguse. Polisi nao wanasema mwanasheria wa serikali amefunga faili. Je, tunaweza kushtaki mtu kwa kutofanya kitu?

Jibu: Ndiyo, mnaweza. Ila ushindi wenu utategemea ni lipi kati ya majibu hayo matatu mtakaloweza kulithibitisha, kwa sababu mbele ya jaji kila moja lina uzito wake.

Nianze na mafuta ya gari. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inawapa wakaguzi mamlaka ya kuingia, kukagua, kusimamisha shughuli na kudai eneo lirejeshwe lilivyokuwa. Lakini haisemi kwamba kila lalamiko lazima likaguliwe siku hiyohiyo. Wilaya yenye gari moja na malalamiko mengi ina haki ya kuamua ianze wapi, na majaji hawapendi kuipangia. Mkienda mahakamani mkiwa na jibu hilo peke yake, uwezekano wa kushindwa ni mkubwa.

Jibu la pili, "tunalifuatilia", ndilo baya zaidi kwenu ingawa linasikika kama zuri. Halikatai wala halikubali. Mahakama ikiombwa imlazimishe ofisa kutimiza wajibu, kwanza hutaka kuona kwamba alidaiwa wajibu huo waziwazi, na kwamba alikataa au alinyamaza kiasi cha kuhesabiwa amekataa. Mazungumzo ya mlangoni hayaonyeshi hilo.

La tatu ni tofauti kabisa. Sheria inapompa ofisa mamlaka ya kuamua, yeye ndiye anayepaswa kuamua. Akiacha kukagua kwa sababu mtu asiyetajwa na sheria hiyo amemwambia asimguse mwekezaji, hajatumia uhuru wake wa kuamua, amemkabidhi mwingine. Huo ni uvunjaji wa sheria, na jaji hahitaji kujifanya mtaalamu wa vinamasi ili kuuona. Shida ni kwamba mliambiwa kwa kunong'onezwa, na ofisa huyo hatakubali kuapa hivyo mahakamani.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kuyapata majibu hayo kwa maandishi. Andikeni barua kwa ofisi ya wilaya, nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, makao makuu Kampala. Elezeni mahali kilipo kinamasi, tarehe mlizoona malori na mlizokwenda ofisini, na ambatisheni picha. Kisha ombeni mambo mawili tu: eneo likaguliwe, na mpewe uamuzi ulioandikwa pamoja na sababu zake. Wekeni siku ya mwisho ya kujibiwa, siku 14 kwa mfano, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa mapokezi. Barua nyingine itumwe chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, mkiuliza kama mwenye ghala ana kibali cha kutumia kinamasi na kama aliwahi kukaguliwa. Kwa ombi hilo ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikithibitika hana kibali, kisingizio cha mafuta kinapungua nguvu sana, kwa maana kulijua hilo hakuhitaji gari.

Msiruke ngazi ya NEMA. Mapitio ya mahakama ni ombi la kumtaka jaji aangalie kama ofisa alifuata sheria, na tangu kanuni zake zirekebishwe mwaka 2019, jaji lazima ajiulize kama mlalamikaji alitumia kwanza njia nyingine zilizopo. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa hilo tu, na inauma, kwa sababu watu walikuwa na haki kamili.

Baada ya hapo mnaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio. Hapa wengi hukwama kwenye muda. Ombi linapaswa kupelekwa haraka, na lisipite miezi mitatu tangu sababu ya kulalamika ilipozuka, isipokuwa jaji akiona kuna sababu nzuri ya kuongeza. Kutotenda hakuna tarehe iliyo wazi. Mkisema sababu yenu ni malori ya kwanza, wakili wa wilaya atahesabu kuanzia siku hiyo na huenda mmechelewa. Barua yenye siku ya mwisho inawapa tarehe ya kushika: siku hiyo ilipopita bila jibu ndipo mlipokataliwa. Upande wa pili unaweza kubisha kwamba barua ilitungwa kufufua lalamiko lililokufa, hivyo msikae nayo.

Je, mnayo haki ya kusimama mbele ya jaji? Mnayo. Maji yanaingia nyumbani kwenu. Hata jirani asiyeguswa na maji hayo analindwa na Ibara ya 50 ya Katiba, inayomruhusu mtu kudai haki za wengine, na Ibara ya 39 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 237 inaongeza kwamba vinamasi vinashikiliwa na serikali kuu au ya mtaa kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Hoja hiyo naipenda, kwa sababu mdhamini anayeona mali ya amana ikiharibiwa na kunyamaza ana maelezo ya kutoa.

Msitegemee jaji aamuru ghala livunjwe kwa ombi hilo. Kwa kawaida ataamuru ofisi ikague na iamue kwa mujibu wa sheria. Uamuzi wenyewe hubaki wao. Amri pana zaidi zimewahi kutolewa: katika kesi ya shirika la mazingira TEAN dhidi ya Mwanasheria Mkuu na NEMA kuhusu uvutaji sigara hadharani, Mahakama Kuu iliitaka NEMA itunge kanuni, nazo zikatoka mwaka 2004. Lakini kudai kanuni za nchi nzima ni tofauti na kudai mtu mmoja achukuliwe hatua.

Faili la polisi ni mlima mwingine, kwa sababu mwanasheria aliyelifunga yuko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ibara ya 120 inamlinda Mkurugenzi huyo asipokee amri ya mtu yeyote, na mahakama huheshimu hilo sana. Ibara hiyohiyo inamtaka azingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya sheria, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa, ila bila ushahidi wa rushwa au nia mbaya sishauri mtumie fedha zenu hapo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu raia kupeleka lalamiko la jinai kwa hakimu mwenyewe. Mkurugenzi anaweza kulichukua shauri hilo, lakini hawezi kulifuta bila idhini ya mahakama, na hapo angalau sababu zake zitasikika hadharani.

Wakati huo malori hayasubiri. Mnapopeleka ombi Mahakama Kuu, ombeni pia zuio la muda, na mpelekeeni mwenye ghala hati zote kama mtu atakayeguswa na uamuzi. Amri ya kusimamisha udongo ikitolewa bila yeye kusikilizwa, wakili wake ataiondoa mapema.