Kipato cha saidia fundi kwa mwezi wa masika

“Saidia fundi hapa Dar analipwa 15,000 kwa siku. Kwa mwezi kama Aprili anapata ngapi hasa? Jumapili hafanyi kazi, na mvua ndiyo hiyo.”

Weka 240,000 hivi. Jamaa wa kwanza kukujibu amezidisha 15,000 kwa siku 30 akapata 450,000; hiyo ni ya mtu asiyepumzika wala kunyeshewa. Mwingine aliyejibu akatoa Jumapili 4 na mvua siku 8, akabaki na siku 18, amekaribia, ila kuna siku ameikata mara mbili: kati ya siku 8 za mvua, moja hivi huangukia Jumapili, ambayo ameshaitoa. Kwa hiyo 30 toa 4 toa 7, zinabaki 19, yaani 285,000. Hapo toa tena siku 3 za kukosa kazi, saruji haijafika au bosi hajatuma hela, zibaki 16.

Mimi nasimamia saiti, na hesabu ya mvua ndiyo huwapoteza wengi. Mvua ya usiku haihesabiwi, labda msingi ujae maji. Inayohesabiwa ni ile ya asubuhi watu wanaporudishwa nyumbani. Ikinyesha saa nane mchana, wengine hulipa nusu, wengine siku nzima. Hilo mkubaliane mapema. Na kama nyumba imeshaezekwa, plasta ya ndani inaendelea, kwa hiyo siku 7 zinaweza kushuka hadi 2.

Nauli na chakula sijatoa.