Grisi mikononi: petroli iwache kwa injini

"Mimi fundi wa injini za boti hapa Lamu. Grisi naitoa kwa petroli, lakini viganja vinapasuka na kuwasha. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, hiyo petroli ndiyo inayokupasua. Inaondoa grisi pamoja na mafuta ya ngozi yenyewe, na kemikali ya benzini iliyomo hupenya mwilini. Tina ya rangi nayo vivyo hivyo, tena zote hushika moto upesi.

Tafuta sabuni ya mafundi, ile ya krimu yenye chembechembe. Ipake mikono ikiwa mikavu; wengi hutanguliza maji, kisha wakalaumu sabuni. Sugua mpaka grisi ilegee, hasa kandokando ya kucha, ndipo usuuze. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, ilegeze kwanza kwa mafuta ya kupikia.

Kwa sasa chembechembe zitachubua mipasuko, kwa hivyo tumia sabuni ya krimu laini isiyo nazo, na usiku jipake vaselini. Ukiona usaha au malengelenge, nenda hospitali.