Kibarua aliyemaliza kazi 64, na maji yaliyojaa saa saba

Ukianza kazi ya kuandika programu zinazojiendesha zenyewe, kitu cha kwanza utakachopenda ni orodha ya asubuhi. Unafungua kompyuta, unaona kila kazi ya usiku imeandikiwa `done`, unakunywa chai yako kwa raha. Nakuandikia kuhusu asubuhi moja hapa Lamu ambapo orodha ilikuwa na kazi 64, zote 64 zimeandikiwa `done`, zote kwa wakati, na moja kati yake ingewakwamisha watu kwenye fungu la mchanga hadi alasiri.

Programu yenyewe tulikuwa tunaiita kibarua. Iliwafanyia kazi wenye boti wanaobeba abiria kwenda Faza na Kizingitini. `cron`, kengele ya kompyuta ya kuanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, iliiamsha saa kumi na moja alfajiri, ikachukua kazi moja moja kwenye foleni: kutuma risiti, kuandaa orodha ya abiria, kuhifadhi nakala ya data, na kuwatumia abiria ujumbe wa saa ya kuondoka. Hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa sababu boti hizo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara wenye mikoko huku na huku. Maji yakipwa Mkanda haupitiki vizuri. Kwa hiyo hakuna saa moja ya safari kila siku. Tulikubaliana na manahodha kwamba boti itoke saa moja kabla ya maji kujaa, na kibarua alisoma saa za kujaa kutoka faili la jedwali la maji, akatoa saa moja, akatuma.

Asubuhi hiyo ujumbe ulisema hivi: boti ya Faza itaondoka saa sita na dakika 20 mchana, maji kujaa saa saba na dakika 20.

Bi mkata tiketi, mzaliwa wa Faza, binti wa nahodha, alinipigia simu saa moja asubuhi. Hakusema kwamba programu imeharibika. Aliniuliza, "Mwanangu, yeo mwezi ngapi?" Nikafikiri anataka tarehe ya mshahara. "Mwezi mwandamo," akasema, "ni kumi na tano. Na kumi na tano maji hayajai saa saba. Maji ya bamvua hujaa saa kumi."

Nilimwambia, "Shikamoo, Bi, ngoja niangalie," na kwa kweli moyoni nilikuwa upande wa kibarua. Nilifungua orodha nikaona `done`. Nikafungua jedwali, nikaona 13:20, na 13:20 kwa saa zetu ni saa saba na dakika 20. Kila kitu kilikubaliana. Hapo ndipo mtu mgeni wa kazi hurudi kumwambia mama wa watu kwamba mfumo uko sawa. Usifanye hivyo. Vyote nilivyovitazama vilitoka kwenye chanzo kimoja, na yeye alikuwa anatazama kitu kingine kabisa, yaani mwezi.

Anachokijua kila mtu aliyekulia pwani hii ni hiki. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana kuliko siku nyingine, na kwetu siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa katikati, kama saa nne au saa tano. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana Bi hakuhitaji jedwali. Tarehe ya mwezi ndiyo jedwali lake.

Baada ya kumpigia nahodha asubiri, nilianza kutafuta, na nilianza vibaya. Nilishuku mstari unaogeuza saa za kompyuta kuwa saa za Kiswahili, kwa sababu ndio mstari niliouandika mwenyewe kwa taabu:

```python
saa_kiswahili = (saa - 6) % 12 or 12
```

Nilipoteza karibu saa nzima hapo. Ningetulia kidogo ningeona kwamba haiwezekani. Kosa kwenye mstari huo lingekuwa la saa sita. Kosa letu lilikuwa la saa tatu: Bi anasema kumi, kibarua anasema saba. Siku hizi, kabla sijafungua msimbo, nauliza kwanza kosa lina ukubwa gani. Kwenye kazi za wakati za huku kwetu, saa sita ni saa za Kiswahili zilizogeuzwa vibaya, au kutogeuzwa kabisa. Saa kumi na mbili ni mchana kuchukuliwa kuwa usiku. Kwenye maji, takriban dakika 50 ni kusoma mstari wa siku ya jirani. Na saa tatu kamili ni umbali kati ya saa ya Afrika Mashariki na saa ya dunia, ile inayoandikwa `UTC`.

Basi nikafungua faili la jedwali lenyewe, si kwa programu bali kwa macho. Faili la zamani lilikuwa limefika ukingoni, na jana yake tuliweka jipya kutoka chanzo kingine. Safu zilikuwa zilezile, majina yaleyale. Lakini juu kabisa kulikuwa na mstari huu:

```
# Time zone: UTC
```

Kibarua aliambiwa aruke kila mstari unaoanza na alama ya `#`. Akauruka, kama alivyoagizwa. Faili la zamani liliandika saa za hapa bila kutaja eneo la saa, jipya liliandika saa za dunia bila kutaja eneo la saa kwenye mistari yenyewe, na msimbo wetu ulisoma yote mawili kwa `datetime.fromisoformat(mstari["wakati"])`, ambao hupokea saa isiyo na eneo bila kulalamika.

Utauliza, je, hamkuwa na ukaguzi wowote? Tulikuwa nao, na nilijivunia. Kibarua alihakikisha kwamba kati ya kujaa na kupwa kuna kama saa sita na robo, kwamba vimo vya maji viko ndani ya mipaka, na kwamba hakuna siku iliyorukwa. Faili jipya lilifaulu ukaguzi wote. Ukisogeza jedwali zima kwa saa tatu, nafasi kati ya mistari hazibadiliki hata kwa dakika moja. Jedwali linalolinganishwa na lenyewe litajikubali daima. Ili ujue kwamba limesogea unahitaji kigingi kilichopigwa nje yake, na kigingi chetu alikuwa nacho mkata tiketi kichwani.

Tufanye hesabu ya boti hiyo. Maji yalikuwa yajae saa kumi na dakika 20, kwa hiyo yalikuwa yamekupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Mabaharia hukadiria kupanda kwa maji kwa sehemu kumi na mbili: saa ya kwanza sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Boti ikitoka saa sita na dakika 20, zimepita saa mbili na kidogo tangu maji kupwa, na sehemu zilizopanda ni tatu tu, yaani robo. Siku ya bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huku ni kama mita tatu. Robo yake haifiki mita moja. Boti iliyojaa watu na magunia ingefika Mkanda na kukaa juu ya fungu. Ikitoka saa tisa na dakika 20, karibu sehemu kumi na moja kati ya kumi na mbili zimeshapanda, na nahodha anapita akiwa na utulivu.

Tulituma ujumbe mwingine kabla ya saa tatu. Abiria wawili walikuwa tayari gatini na mizigo yao, nikaenda kuwaomba radhi mwenyewe.

Marekebisho ya msimbo yalikuwa mafupi. Sasa kila mstari wa jedwali lazima utaje eneo lake la saa, na usipotaja, kibarua anakataa faili zima:

```python
t = datetime.fromisoformat(mstari["wakati"])
if t.tzinfo is None:
    raise ValueError("wakati hauna eneo la saa")
t = t.astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi"))
```

Kisha tuliongeza ukaguzi wa Bi. Kwa kila siku ya mwezi mpevu ndani ya faili, maji ya alasiri lazima yajae kati ya 15:00 na 18:00. Tazama upana wa dirisha hilo: ni saa tatu, si zaidi. Ningeliweka la saa tano kwa kuogopa usumbufu, kosa lilelile la saa tatu lingeweza kupita ndani yake.

Na kuna jambo ambalo nusura nilifute zamani. Ujumbe wa abiria una nafasi ya herufi 160, na niliwahi kupendekeza tuondoe maneno ya maji kujaa, tubakishe saa ya kuondoka tu, tupunguze urefu. Nahodha mmoja alikataa. Kama ningeshinda, Bi angeona "saa sita na dakika 20" peke yake, na pengine angedhani manahodha wamebadili utaratibu. Aliweza kuona kosa kwa sababu kibarua alionyesha alichotegemea. Programu yako ikifikia uamuzi, mwonyeshe anayeupokea namba iliyozaa uamuzi huo, kwa lugha na kwa saa anazozijua.

Watu walinishauri kila ujumbe upitishwe na mtu kabla ya kutumwa. Sikukubali. Mtu anayebonyeza "kubali" kila alfajiri, baada ya wiki mbili anabonyeza bila kusoma. Tulichofanya ni kwamba faili jipya likiingia, ujumbe wa siku tatu za mwanzo husimama hadi Bi aukubali. Siku nyingine kibarua anaendelea peke yake.

Ukaguzi wa dirisha la saa tatu hauwezi kuona makosa madogo. Mtu akituletea jedwali la bandari nyingine ya pwani hii, lililo mbali na letu kwa dakika chache, litapita. Kwa hilo tumepiga alama kwenye nguzo moja ya gati, na kila tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo Bi husimama pale alasiri, anangoja maji yaache kupanda, kisha anaandika saa kwenye daftari la tiketi. Jioni nampigia, ananisomea, nami naiweka kando ya ile ya kibarua.