Maintani, weusi wa mgonjwa aliyetolewa adrenali si kila mara dozi ndogo

Jamani, wiki hii tena nimekuta kwenye faili: "ngozi inazidi kuwa nyeusi, ongeza haidrokotizoni." Mgonjwa wa Kushing, alishatolewa adrenali zote mbili. Nawapenda lakini mtanizeesha.

1. Kwanza soma Kushing yake ilitoka wapi. Kama uvimbe ulikuwa kwenye adrenali yenyewe, haya hayamhusu. Nasemea yule mwenye uvimbe wa pituitari unaomwaga ACTH, kapasuliwa kichwani haikusaidia, ndo wakaamua kutoa adrenali. Kotisoli imekwisha ila uvimbe tumeuacha palepale.

2. Uvimbe ule ulikuwa bado unaisikia kotisoli kidogo, ile ya juu sana ilikuwa inauzuia kiasi. Sasa mgonjwa anameza miligramu 15 hadi 25 kwa siku, usiku inakuwa imeisha kabisa, na huku haipothalamasi nayo inasukuma CRH. Paka akiondoka panya hutawala. Uvimbe unakua, ACTH inapanda mno, na ikizidi hivyo inazigusa hadi seli za rangi ya ngozi. Nelson na wenzake walieleza mgonjwa wa hivi mwaka 1958, ndo maana inaitwa sindromu ya Nelson.

3. Kwa ngozi zetu uso utakudanganya, kagua fizi, mistari ya viganja na makovu. Tulikuwa na mama mmoja, fizi nyeusi tii, kovu la upasuaji kama limepakwa wino, tukasema huyu dozi haimtoshi, tukampandisha kutoka 20 hadi 40. Hakuna aliyejiuliza mbona presha iko sawa, hatapiki, sodiamu nzuri, maana aliyepungukiwa kweli angekuwa hoi. Kliniki iliyofuata sura imeanza kuvimba, sukari juu, weusi uko vilevile, kichwa kinamuuma, na binti yake anasema siku hizi mama anagonga fremu za milango. Ndo mtu akakumbuka kumpima macho kwa vidole: pembeni haoni, kulia na kushoto. MRI ikaonyesha uvimbe umepanda hadi kwenye makutano ya neva za macho. Kwahiyo tulikuwa tumemrudishia Kushing kwa mikono yetu na uvimbe haukujali. Alipasuliwa tena kupitia puani, akapata mionzi, kuona kukarudi nusunusu.

4. ACTH pima asubuhi kabla ya dozi, rudia masaa mawili baada ya kumeza, chupa ya EDTA kwenye barafu. Ikibaki juu sana hata baada ya dozi, shuku uvimbe.

5. MRI ya kwanza miezi 3 hadi 6 baada ya kutoa adrenali, kisha kila mwaka kwa miaka ya mwanzo, hata kama hana dalili.

6. Na wewe uliyeniuliza kama basi tumsimamishie haidrokotizoni, hapana! Hana adrenali hata moja. Mrudishe kwenye dozi yake ya kawaida, ukipunguza taratibu, na akitapika vidonge mpe ya sindano.